Kupanga nafasi za magari kwenye kiwanja: mshazari au moja kwa moja, na upana wa njia ya kati

Maswali yanayorudi kila mara ni matatu. Kiwanja changu kitaingiza magari mangapi? Nichore mistari ya mshazari au iliyonyooka? Njia ya kupita katikati iwe na upana gani? Watu huyauliza kana kwamba ni mambo matatu tofauti, kumbe ni hesabu moja, na hesabu hiyo huanzia kwenye upana wa kiwanja. Mwongozo huu unafuata kiwanja kimoja tangu kipimo cha kwanza hadi mstari wa mwisho wa rangi. Ukishaufuata mpaka mwisho, badilisha vipimo uweke vya kwako.

Nazungumzia kiwanja cha wazi cha magari madogo, chenye njia moja katikati na safu ya magari kila upande. Viwanja vikubwa vyenye njia kadhaa hufuata hesabu hiyohiyo, ila vina jambo moja la ziada ambalo nitaligusa baadaye.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Futi ya mkanda ya mita 30 au 50. Ile fupi ya mita 5 itakuharibia kazi, kwa sababu kila ukiihamisha unaongeza kosa dogo.
- Kamba mbili ndefu, misumari au vigingi, na chaki.
- Karatasi ya miraba, au programu yoyote ya kuchorea.
- Kikokotoo.
- Gari moja la kujaribia, kubwa kiasi, na dereva wa kawaida. Usimchukue dereva hodari kuliko wote unaowajua.
- Masharti ya mamlaka ya eneo lako: upana wa chini wa nafasi, nafasi za watu wenye ulemavu, na njia ya gari la zimamoto. Yakitofautiana na vipimo vya hapa, fuata ya mamlaka.

Maneno manne tutakayoyatumia

*Nafasi* ni mstatili wa gari moja. Hapa nitatumia upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5.

*Kina* ni umbali kutoka ukutani hadi ukingo wa njia ya kati, yaani eneo ambalo safu moja ya magari inakula.

*Hatua* ni umbali kutoka mstari mmoja hadi unaofuata, ukipimwa kando ya njia.

*Mlalo* ni kiasi ambacho mstari wa mita 5 unasogea mbele kwa sababu umelazwa. Mstari ulionyooka hauna mlalo.

Nadharia yote ni mistari mitatu. L ni urefu wa nafasi, W ni upana wake, na p ni pembe kati ya mstari wa nafasi na njia:

```
kina  = L*sin(p) + W*cos(p)
hatua = W / sin(p)
mlalo = L*cos(p)
```

Kama hupendi kukokotoa, tumia jedwali hili. Vipimo vyote ni vya mita. Safu ya "njia" ni upana ambao dereva wa kawaida ataingia na kutoka bila kuhangaika. Kwa pembe zote za mshazari, njia ni ya kwenda upande mmoja tu.

| Pembe | Kina | Hatua | Mlalo | Njia | Jumla, safu mbili na njia |
|---|---|---|---|---|---|
| 90 | 5.00 | 2.50 | 0 | 6.0 | 16.00 |
| 60 | 5.58 | 2.89 | 2.50 | 4.5 | 15.66 |
| 50 | 5.44 | 3.26 | 3.21 | 3.9 | 14.78 |
| 45 | 5.30 | 3.54 | 3.54 | 3.6 | 14.20 |
| 30 | 4.67 | 5.00 | 4.33 | 3.6 | 12.94 |

Tazama safu ya kina, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Wanadhani kulaza gari kunapunguza kina. Nafasi ya nyuzi 60 inakula mita 5.58, zaidi ya iliyonyooka. Mstatili ukilazwa kidogo, kona yake moja huchomoza kuelekea ukutani kabla urefu haujapungua vya kutosha. Mshazari hauokoi chochote kwenye safu mpaka uwe umelala sana. Unachookoa ni njia ya kati.

Njia inapungua kwa sababu gari linageuka kidogo zaidi. Kuingia nafasi iliyonyooka, gari lazima ligeuke robo duara kamili, na magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele. Njia ikiwa nyembamba, ubavu wa gari hugusa gari la jirani kabla pua haijanyooka. Kwenye nyuzi 45 gari linageuka nusu ya hapo, basi njia ya mita 3.6 inatosha.

Gharama yake iko kwenye safu ya hatua. Kila gari la nyuzi 45 linakula mita 3.54 za urefu wa kiwanja badala ya 2.5. Kwa hiyo mshazari unakupa upana na kukunyang'anya urefu. Kiwanja kikiwa na upana wa kutosha mita 16, nafasi zilizonyooka karibu kila mara huingiza magari mengi zaidi. Mshazari huanza kuwa na maana upana unapopungua hapo.

Hatua ya 1: Pima upana mara tatu

Pima upana mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kiwanja, kutoka uso wa ukuta hadi uso wa ukuta wa pili. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Viwanja vingi si mstatili kamili, na sentimita 30 zilizopotea upande mmoja zinaweza kuua safu nzima.

Pima pia vitu vinavyochomoza: nguzo, mtaro usiofunikwa, ngazi, mlango unaofunguka kwa nje. Kama ukutani kuna bomba linalotokeza sentimita 20, ukuta wako unaanzia kwenye bomba.

Kiwanja chetu cha mfano kina upana wa mita 15.0 na urefu wa mita 43. Pande mbili ndefu ni kuta.

Hatua ya 2: Angalia malango

Hili lifanye kabla ya hesabu yoyote, kwa sababu linaweza kukufungia mlango wa mshazari moja kwa moja. Jiulize kama gari linaweza kuingia upande mmoja wa kiwanja na kutokea upande mwingine.

Likiweza, chaguo zote ziko wazi. Kama lango ni moja na upande wa pili ni ukuta, mshazari uache. Nafasi za mshazari zinaelekea upande mmoja, na gari linalotoka hapo kinyumenyume hujikuta limeelekea ndani, kwenye ukuta. Litalazimika kugeuka kabisa ndani ya njia ya mita 4, na haliwezi. Matokeo yake ni magari kurudi nyuma urefu wote wa kiwanja huku mengine yakiingia.

Kiwanja chetu kina lango la kuingilia upande mmoja na la kutokea upande wa pili. Tunaendelea.

Hatua ya 3: Jaribu nafasi zilizonyooka kwanza

Safu mbili na njia zinahitaji mita 16. Tuna 15, hazitoshi.

Hapa ndipo huja kishawishi kikubwa kuliko vyote: kubana njia iwe mita 5 ili safu zote mbili zikae. Usifanye. Mchoro utaonekana mzuri na hesabu itasema magari 34, lakini kwenye njia ya mita 5 madereva wengi wataingia kwa kusogea mbele na nyuma mara tatu au nne. Wengine wataacha nafasi mojamoja tupu kati yao na jirani ili wapate pa kugeukia, na zile 34 zitabaki kwenye karatasi.

Kinachowezekana ni safu moja iliyonyooka upande mmoja, na upande wa pili safu ya magari yaliyopangwa mkia kwa pua, sambamba na ukuta. Nafasi ya sambamba inahitaji upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 6, kwa kuwa gari linahitaji pa kujipenyeza.

Safu iliyonyooka: 43 ukigawa kwa 2.5 unapata 17.2, yaani magari 17. Inabaki nusu mita. Igawe kwenye ncha mbili kama nafasi hizo zinapakana na ukuta, maana mlango wa gari lililo kando ya ukuta haufunguki vizuri bila sentimita za ziada.

Safu ya sambamba: 43 ukigawa kwa 6 unapata 7.

Jumla ni magari 24. Upana uliotumika na safu hizo ni 5 na 2.5, hivyo njia inabaki na mita 7.5. Ni pana kuliko inavyohitajika, na unaweza kukata mita moja ya njia ya waendao kwa miguu ukabaki na 6.5.

Hatua ya 4: Tafuta pembe inayokaa kwenye upana wako

Wengi wakishaamua mshazari huchagua nyuzi 45 au 60 kwa mazoea. Pembe si lazima iwe mojawapo ya hizo. Chagua ile iliyosimama zaidi ambayo upana wako unaweza kuibeba, kwa sababu kadiri mistari inavyosimama ndivyo hatua inavyokuwa fupi na magari yanavyoongezeka.

Nyuzi 60 zinahitaji 15.66, haziingii.

Nyuzi 45 zinahitaji 14.20, zinaingia na kubakiza sentimita 80. Kwa urefu, toa mlalo kwanza halafu gawa kwa hatua: 43 kutoa 3.54 ni 39.46, ukigawa kwa 3.54 unapata 11.1. Ni magari 11 kila upande, jumla 22. Ni machache kuliko mpango wa hatua ya 3, na zile sentimita 80 zimekaa bure.

Nyuzi 55 zinafika mita 15.26 ukizipa njia ya 4.2. Zimekosa kidogo.

Nyuzi 50 zinahitaji 14.78, zinaingia. Safu mbili zinakula 10.88, njia inabaki na mita 4.12, zaidi kidogo ya 3.9 tunayoitaka. Kwa urefu: 43 kutoa 3.21 ni 39.79, ukigawa kwa 3.26 unapata 12.2. Ni magari 12 kila upande, jumla 24.

Nyuzi 5 tu za tofauti zimeleta magari mawili zaidi, bila kuongeza hata sentimita moja ya ardhi.

Hatua ya 5: Idadi ni ileile, sasa amua

Mipango miwili imetoa 24 na 24. Mara nyingi itakuwa hivyo kwenye viwanja vya upana huu, na hapo ndipo unapowafikiria watu watakaoegesha.

Magari yakiingia na kutoka mchana kutwa, ningechagua nyuzi 50. Dereva anaiona nafasi tupu kwa mbali, anageuza usukani kidogo, ameingia. Akitoka, anarudi nyuma kwa pembe na kuondoka kuelekea upande uleule. Nafasi saba za sambamba zingekuwa kero ya kila siku, maana kila anayeingia hapo anarudi nyuma huku foleni ikimsubiri.

Magari yakikaa asubuhi hadi jioni, na madereva ni walewale kila siku, ningechagua mpango uliochanganya. Njia yake pana inaruhusu magari kupishana, haitegemei mishale kufuatwa, na kesho lango moja likifungwa bado kiwanja kinafanya kazi. Ila ukifungwa upande mmoja, acha nafasi moja iliyonyooka karibu na mwisho iwe tupu, iliyochorwa mistari ya kukataza, ili gari lililokosa nafasi lipate pa kugeukia. Utabaki na 23.

Kumbuka pia nafasi ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Inahitaji upana wa takriban mita 3.6, ambapo mita 1.2 ni uchochoro wa kushukia. Kwenye safu iliyonyooka unaongeza tu upana, na safu yetu itapungua gari moja. Kwenye mshazari kumbuka kugawa kwa sin(p): uchochoro wa mita 1.2 kwa nyuzi 50 unakula mita 1.57 kando ya njia. Iweke karibu na mlango ambao mtu anauendea, hata kama hapo ndipo panapokugharimu zaidi.

Na kabla hujatoka kwenye karatasi, jaribu swali hili: je, kuna mita moja ya upana unayoweza kuipata? Uzio unaoweza kusogezwa, kitanda cha maua, ukuta mfupi usio na kazi? Kiwanja hikihiki kingekuwa na mita 16, safu mbili zilizonyooka zingeingiza magari 34. Mita moja ni magari kumi. Hakuna pembe itakayokupa hicho.

Hatua ya 6: Jaribu kwa gari kabla ya rangi

Chora kwa chaki nafasi tatu mfululizo upande mmoja na ukingo wa njia upande wa pili. Weka makopo au vigingi mahali pa magari ya jirani, hasa kwenye kona za nyuma. Mwite dereva, aingie nafasi ya katikati, kisha atoke.

Anapaswa kuingia kwa mkupuo mmoja na kutoka kwa mkupuo mmoja, bila kuvuka ukingo wa pili wa njia. Akihitaji kujirekebisha mara moja, inavumilika. Zaidi ya hapo, laza pembe kidogo au punguza kitu kingine. Kuna uhusiano mmoja wa kukusaidia hapa: nafasi pana inasamehe njia nyembamba. Ukiwa na mita 15.7 na unataka safu mbili zilizonyooka, nafasi za mita 2.7 kwenye njia ya mita 5.7 zinaweza kufanya kazi pale ambapo za 2.5 zingegoma. Unapoteza gari moja au mawili kwa kila safu, unapata safu nzima. Lakini usiamini maneno yangu wala ya mtu mwingine juu ya hilo, amini gari la majaribio.

Hatua ya 7: Hamishia mistari chini

Nitaeleza ya nyuzi 50, kwa kuwa iliyonyooka ni rahisi: kamba moja kando ya njia, alama kila mita 2.5, mistari ya mita 5 kuelekea ukutani.

Kwanza hakikisha una kona ya mraba. Kutoka kona ya mwanzo, pima mita 6 kando ya ukuta na mita 8 kuvuka kiwanja. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 10 kamili, kona yako ni mraba. Usipokuwa hivyo, sogeza alama ya kuvuka mpaka ulingane.

Kisha, kwa kila upande:

1. Funga kamba ya kwanza mita 5.44 kutoka ukutani. Huu ndio ukingo wa njia.
2. Funga kamba ya pili mita 1.61 kutoka ukutani. Kati ya kamba hizi mbili kuna mita 3.83, ambazo ndizo mstari wa mita 5 unazipanda ukilazwa nyuzi 50.
3. Anzia upande wa lango la kuingilia. Kwenye kamba ya kwanza weka alama sifuri, halafu kila mita 3.26, mpaka upate alama 13 za nafasi 12. Shikilia mkanda palepale mwanzo, usome 3.26, 6.53, 9.79 na kuendelea. Usipime kipande kwa kipande.
4. Kwenye kamba ya pili weka alama ya kwanza mita 3.21 mbele, kuelekea lango la kutokea, kisha endelea kwa hatua ileile.
5. Unganisha alama ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Kila mstari upime mita 5.0.
6. Pima umbali kati ya mistari miwili kwa kuvuka mraba, yaani mkanda ukiukata mstari kwa nyuzi 90. Lazima upate 2.5. Huu ndio ukaguzi wa mwisho kabla ya rangi.

Kati ya mwisho wa mistari na ukuta kutabaki utepe wa mita 1.61. Si kosa. Kona ya mbele ya gari inaingia humo, na ukiutwaa kuweka mapipa au maua, kila gari litachomoza kwenye njia.

Onyo kubwa kwenye hatua hii. Kosa ninaloliona kuliko yote ni mtu kupima mita 2.5 kando ya njia kwenye mistari ya mshazari. Kwenye nyuzi 50, nafasi hiyo ina upana halisi wa mita 1.92. Magari mengi, ukihesabu vioo, yanakaribia mita 2. Hakuna atakayefungua mlango. Ukaguzi namba 6 umewekwa kwa ajili ya kosa hili, na unachukua dakika moja.

Hatua ya 8: Vizuizi vya magurudumu na mishale

Kizuizi cha magurudumu kiwekwe mraba na mistari, kisilale sambamba na ukuta. Kikifuata ukuta, gurudumu moja litagusa kabla ya jingine na gari litakaa upande. Tafuta mstari wa nafasi ulio upande wa lango la kutokea, pima juu yake mita 4.2 kutoka ukingo wa njia, na kizuizi kianzie hapo kwenda mstari wa pili. Zile sentimita 80 zilizobaki ni za pua ya gari, ambayo huning'inia mbele ya magurudumu.

Mishale ichorwe katikati ya njia, mmoja langoni na mingine kila baada ya nafasi tano au sita. Safu zote mbili lazima zilale kuelekea lango la kutokea, hivyo ukizitazama kutoka juu zinafanana na mifupa ya samaki. Ukilaza safu moja kinyume, nusu ya madereva watakuwa wanakwenda kinyume cha mishale ili waingie.

Kiwanja kikiwa na njia zaidi ya moja

Safu mbili za mshazari zikikutana pua kwa pua katikati, meno ya moja huingia kwenye mapengo ya nyingine. Unaokoa sentimita 161 kwa nyuzi 50 kila zinapokutana hivyo, au 177 kwa nyuzi 45. Ili meno yaingiliane, mistari ya safu zote mbili iendelee kama mstari mmoja mrefu, na njia zinazofuatana ziende pande tofauti: moja ya kupanda, moja ya kushuka. Mpango huo unahitaji njia ya kuzungukia kwenye ncha zote mbili, na ncha hizo hula nafasi. Zihesabu kabla hujafurahia akiba.

Mambo yakienda mrama

*Magari yanakanyaga mistari na kuchukua nafasi mbili.* Pima upana kwa kuvuka mraba. Ukikuta chini ya 2.4, tatizo ni kipimo cha kando ya njia. Ukikuta 2.5 na bado wanakanyaga, tazama njia: huenda wanaingia wamepinda kwa sababu hawana pa kugeukia.

*Mikia inachomoza njiani.* Angalia kwanza kama vizuizi vya magurudumu vimewekwa mbali mno na ukuta. Kama vimewekwa vizuri, kuna kitu kwenye utepe wa kando ya ukuta, au madereva wanaogopa ukuta wasiouona vizuri. Rangi ya kung'aa kwenye ukuta, usawa wa taa za gari, husaidia zaidi ya bango.

*Watu wanakwenda kinyume cha mishale.* Karibu kila mara lango la kutokea liko karibu na mahali wanakotaka kwenda kuliko la kuingilia. Unaweza kuongeza mishale, lakini dawa ni kubadilisha malango kazi na kugeuza mlalo wa mistari. Ndiyo maana hatua ya 2 hutangulia rangi.

*Nafasi ya mwisho kwenye safu iliyonyooka haitumiki kamwe.* Kama njia inaishia palepale nafasi inapoishia, gari la mwisho halina pa kurudi nyuma likageuka. Njia inapaswa kuendelea mita moja hadi moja na nusu kupita nafasi hiyo. Pasipokuwa na urefu huo, ifute nafasi, uigeuze ya pikipiki.

*Hesabu ilisema 12, zimeingia 11.* Umesahau mlalo. Mstari wa mwisho unasonga mbele mita 3.21 kutoka ulipoanzia, na kama alama yake ya njiani iko chini ya hapo kutoka ukuta wa mwisho, nafasi hiyo haipo. Pembetatu iliyobaki kona hiyo inatosha pikipiki au taa ya mlingoti.